Nusu Kidonge Iliyogeuka Tarehe: Kuchagua Umbo la Muhtasari wa Kurasa Zilizopigwa Picha

Mgonjwa mwenye kisukari na shinikizo la juu la damu anafika kliniki akiwa na daftari kutoka zahanati ya kijijini kwake. Kurasa tatu zimejaa mwandiko wa wahudumu mbalimbali: vipimo vya miezi kadhaa pamoja na dawa anazotumia. Muuguzi anafunika jina na namba ya jalada kwa kipande cha karatasi, anazipiga picha kurasa hizo, kisha anaziingiza katika programu ya akili unde iliyoidhinishwa na kituo chake ili apate muhtasari. Muhtasari huo anauhitaji mahali patatu: katika mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, katika jedwali la Excel la kliniki, na katika ujumbe wa WhatsApp kwa binti wa mgonjwa, ambaye ndiye anayemsimamia mama yake dawa na ambaye mama ameridhia apewe taarifa hizo.

Kwenye skrini ya programu muhtasari unapendeza. Vichwa vimekolezwa na orodha imepangika. Lakini kinachoonekana pale sicho kinachobandikwa kwingine. Programu nyingi za aina hii huandika kwa Markdown, mtindo wa alama uliobuniwa mwaka 2004 ili mtu aandike kwa herufi za kawaida, kisha kompyuta izigeuze alama hizo kuwa urembo. Nyota mbili kila upande hukoleza neno; alama ya reli mwanzoni mwa mstari huunda kichwa; mistari wima huunda jedwali. Mahali panapoielewa Markdown, alama hizo hutoweka na urembo hubaki. Mahali pasipoielewa, alama hubaki zimetapakaa katikati ya maneno.

Nyota zilizotapakaa huudhi tu. Hatari kubwa zaidi ni alama inayotoweka ilhali ilikuwa sehemu ya kipimo cha dawa. Wahudumu wengi huandika 1×2 wakimaanisha kidonge kimoja kutwa mara mbili. Programu ikisoma mwandiko huo inaweza kuweka nyota badala ya alama ya kuzidisha, hivi:

```
Metformini 500 mg, 1*2
Atenololi 50 mg, 1/2*1
```

Katika Markdown, nyota ya mstari wa kwanza na ile ya mstari wa pili huhesabiwa kuwa jozi ya kulaza herufi. Zote mbili hufutika, na kwa kuwa Markdown huunganisha mistari inayofuatana bila nafasi tupu kati yake, msomaji huona "Metformini 500 mg, 12 Atenololi 50 mg, 1/21". Hakuna onyo lolote linalotokea. Anayekutana na "12" hapo hana namna ya kujua kwamba kulikuwa na moja na mbili.

Kwa sababu hiyo, sehemu ya dawa katika mfumo wa kumbukumbu huhitaji matini tupu, yaani maandishi yasiyo na alama za urembo: jambo moja kwa kila mstari, na dozi kwa maneno. Maelekezo kwa programu yataje hayo waziwazi: matini tupu, bila nyota, bila alama ya reli, bila jedwali, dozi iandikwe kwa maneno, na jibu zima liwekwe ndani ya kisanduku cha msimbo. Ndani ya kisanduku hicho hakuna alama inayogeuzwa, hivyo kinachoonekana ndicho kitakachonakiliwa:

```
Metformini 500 mg: kidonge kimoja, kutwa mara mbili
Atenololi 50 mg: nusu kidonge, kutwa mara moja
```

Vipimo vya shinikizo na sukari, kwa upande mwingine, vinahitaji jedwali, maana tabibu anataka kuona mwenendo wake tarehe kwa tarehe. Hata hivyo, jedwali la Markdown lenye mistari wima likibandikwa katika Excel, kila mstari huingia mzima katika kisanduku kimoja cha safu ya kwanza. Excel hutambua safu zinapotenganishwa kwa alama ya Tab. Hivyo programu ielekezwe kutoa jedwali lililotenganishwa kwa Tab, tena ndani ya kisanduku cha msimbo:

```
Tarehe	Shinikizo	Sukari
2026-03-03	158/96	11.2
2026-03-17	haikusomeka	9.8
```

Neno "haikusomeka" katika mstari wa mwisho lina kazi kubwa. Wino ulikuwa umefifia mahali hapo. Kama programu ingeruka nafasi hiyo bila kuacha Tab yake, sukari ya 9.8 ingesogea kushoto na kuingia katika safu ya shinikizo. Kila nafasi isiyo na taarifa inapojazwa neno, safu hubaki mahali pake, na msomaji hujua kwamba pengo linatoka kwenye ukurasa wenyewe.

Mtego wa pili wa Excel ni tarehe. Kisanduku kinachopokea 1/2 hukichukulia kama siku na mwezi: kulingana na mpangilio wa kompyuta, nusu kidonge huwa tarehe 2 Januari au tarehe 1 Februari. Dozi ya 1-1-1, yaani asubuhi, mchana na jioni, nayo huwa tarehe. Namba ya jalada inayoanza na sifuri hupoteza sifuri zake. Shinikizo la 158/96 husalimika kwa kuwa hakuna tarehe ya namna hiyo, na kusalimika huko ndiko kunakompumbaza mtu adhani safu zote ziko salama.

Kinga yake hufanywa kabla ya kubandika. Safu husika huteuliwa na kupewa umbizo la maandishi badala ya lile la kawaida, kisha data hubandikwa kama maandishi peke yake. Kubadili umbizo baada ya kubandika hakurudishi kilichopotea: kisanduku kilichokwisha kuwa tarehe huonyesha namba ya tarakimu tano, ambayo ndiyo hesabu ya siku inayotumiwa na Excel. Hapo dawa ni kutengua ubandikaji na kuanza upya.

Kwa binti wa mgonjwa, jedwali halifai kabisa. WhatsApp haichori jedwali, na neno hukolezwa kwa nyota moja kila upande, si mbili kama ilivyo katika Markdown. Kinachomfaa ni sentensi fupi za matini tupu: "Atenololi: mpe mama nusu ya kidonge kila asubuhi." Ujumbe huo unasomeka hata kwenye simu ndogo, na unaweza kusomwa kwa sauti.

Umbo safi, hata hivyo, haliponyi usomaji mbaya. Programu iliyosoma 1.2 mahali palipoandikwa 11.2 itaibandika 1.2 vizuri kabisa. Kwa hiyo muuguzi hurudi kwenye daftari mara mbili. Mara ya kwanza, kabla ya kunakili, hulinganisha kila namba na ukurasa wake. Mara ya pili, baada ya kubandika, huhesabu mistari ya jedwali dhidi ya tarehe zilizomo daftarini, kisha husoma kila dozi kwa sauti kutoka mahali ilipobandikwa. Dozi isiyotamkika kama maelekezo ya kumeza dawa, mfano "atenololi, mbili Januari", imeharibika njiani, na hurekebishwa kutoka kwenye daftari lenyewe, wala si kwa kukisia.