Ibn Taimiya na Mantiki ya Wayunani

Katika somo la leo tutasoma habari za mwanachuoni mmoja wa sheria ya Kiislamu, jina lake Ibn Taimiya. Alizaliwa Harrani mwaka 1263. Alipokuwa mtoto jamaa zake waliwakimbia Wamongolia, wakahamia Dameski katika nchi ya Shamu. Huko alisoma, akawa fakihi mkubwa wa madhehebu ya Hanbali, na huko alikufa kifungoni mwaka 1328.

Zamani zile wanachuoni wengi walisoma mantiki, yaani elimu ya kupanga hoja. Elimu hiyo ilitoka kwa Wayunani, hasa kwa Aristotle. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa ameiweka mwanzoni mwa kitabu chake cha misingi ya sheria, akasema kwamba asiyeijua elimu yake haitegemewi. Ibn Taimiya hakukubali. Aliandika kitabu kizima cha kuwajibu wanamantiki.

Hoja ya maneno matatu

Tazameni kwanza hoja ya Wayunani ilivyo. Ina maneno matatu. La kwanza: kila mwanadamu atakufa. La pili: Zaidi ni mwanadamu. La tatu: basi Zaidi atakufa. Wanamantiki walisema kwamba jambo lisilo wazi halijulikani kwa yakini ila kwa hoja ya namna hii.

Ibn Taimiya hakusema kwamba hoja hii ni ya uongo. Maneno mawili ya kwanza yakiwa kweli, la tatu nalo ni kweli. Bali aliuliza: hilo neno la kwanza mmelipata wapi? Mmejuaje kwamba kila mwanadamu atakufa? Tumejua kwa kuona huyu amekufa, na yule amekufa, na wa kabla yao vile vile. Basi tumeanza kwa mtu mmoja mmoja, ndipo tukasema “kila”. Ndivyo tulivyojua pia kwamba maji hukata kiu na moto huunguza. Hata mtoto aliyeungua mara moja hahitaji mantiki ili auogope moto.

Kinywaji cha tende

Sasa tuchukue jambo ambalo mafakihi walibishana kweli. Kurani imekataza mvinyo. Je, kinywaji cha tende kilichochacha nacho ni haramu? Baadhi ya mafakihi wa zamani wa Kufa waliona kwamba mvinyo wa zabibu ni haramu hata tone moja, lakini vinywaji vingine kadhaa si haramu mpaka mtu anywe kiasi cha kumlevya. Wengine walisema vyote ni sawa.

Mwanamantiki hupanga hivi: kila kilevi ni haramu, kinywaji hiki ni kilevi, basi ni haramu. Fakihi hutumia kiyasi, yaani hulinganisha: mvinyo wa zabibu umekatazwa kwa sababu hulevya, hiki nacho hulevya, basi hukumu yao ni moja. Wanamantiki walisema kiyasi cha fakihi huleta dhana tu, na hoja yao huleta yakini. Ibn Taimiya alijibu kwamba nguvu ya hoja haitoki katika mpango wa maneno, bali katika ushahidi wake. Kwamba kila kilevi ni haramu, tumelijua kwa hadithi ya Mtume. Kwamba tende iliyochacha hulevya, tumelijua kwa kuwaona wanywaji. Ushahidi huo ni mmoja, upange utakavyo.

Kuijua sababu

Lakini kiyasi kina hatari yake. Ukikosea sababu, hukumu yako yote imeharibika. Tuseme mtu anadai kwamba mvinyo umekatazwa kwa ajili ya wekundu wake. Mwonyesheni maji ya komamanga: ni mekundu, na ni halali. Akisema ni kwa ajili ya ukali, mwonyesheni siki: ni kali, na ni halali.

Sasa fuateni zabibu zenyewe. Maji yake mabichi ni halali. Yakichacha yakalevya, ni haramu. Mvinyo ule ukigeuka siki wenyewe, haulevyi tena, nao ni halali. Ulevi ulipokuja katazo lilikuja. Ulipoondoka, katazo liliondoka. Hivyo ndivyo sababu inavyotambulikana.

Ibn Taimiya hakuumaliza ubishi huo. Mantiki iliendelea kufundishwa katika madrasa nyingi baada yake. Hata hivyo kitabu chake hakikusahauliwa: Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, alikifupisha ili wengine wakisome.

Maswali

1. Ibn Taimiya aliuliza nini juu ya neno la kwanza la hoja?
2. Kwa nini wekundu si sababu ya kukatazwa mvinyo?
3. Siki inatufundisha nini?

Maneno mapya

Fakihi: mjuzi wa sheria ya Kiislamu.
Yakini: ujuzi usio na shaka.
Dhana: jambo linalofikiriwa tu, halijathibitika.