Ifunge Kazi Iliyosahihishwa, Kisha Uiandike Upya

Kazi ya maabara ikirudi kutoka kwa mwalimu ikiwa imesahihishwa, wanafunzi wengi huisoma mara moja, hutikisa kichwa kukubali, halafu huiweka kando. Kila mstari unaonekana wazi, kwa kuwa jibu liko mbele ya macho. Siku ya mtihani skrini ni tupu, na ule uwazi wote umepotea.

Kuna njia ya kujifunza zaidi kutokana na marekebisho hayo. Nitaieleza kwa zoezi moja dogo la programu ya Python, la aina wanayopewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwanafunzi anapewa orodha ya vipimo vya joto, na anatakiwa kuandika programu itakayotaja kipimo cha juu kuliko vyote. Mmoja aliandika hivi:

```python
def joto_la_juu(vipimo):
    juu = 0
    for kipimo in vipimo:
        if kipimo > juu:
            juu = kipimo
    return juu
```

Aliijaribu kwa joto la mchana la Dar es Salaam, 29, 32 na 30, ikajibu 32. Akaridhika. Mwalimu akaijaribu kwa vipimo vya usiku vya kilele cha Kilimanjaro, ambako baridi hushuka chini ya sifuri: -6, -9 na -2. Programu ikajibu 0, namba ambayo haimo kabisa kwenye orodha. Hakuna kipimo kilichoipita ile sifuri ya mwanzo, kwa hiyo sifuri ikabaki kuwa jibu. Kazi ikarudishwa ikiwa hivi:

```python
def joto_la_juu(vipimo):
    if not vipimo:
        return None
    juu = vipimo[0]
    for kipimo in vipimo[1:]:
        if kipimo > juu:
            juu = kipimo
    return juu
```

Hapa ndipo kujifunza kunapoanza. Isome mpaka uone kila badiliko limewekwa kwa sababu gani, kisha ifunge na ushughulike na jambo jingine kwa muda. Ukiandika papo hapo, utakuwa unanakili picha ambayo bado imo machoni. Baadaye fungua faili tupu, uandike programu nzima kutoka kichwani. Ukikwama usichungulie. Weka alama ya `#` na swali mahali hapo, uendelee hadi mwisho. Lile swali ni mali, kwa sababu linakuonyesha hasa ni wapi ulikuwa ukikubali tu bila kuelewa.

Mwanafunzi wetu aliuandika vizuri mstari wa `juu = vipimo[0]`, maana ndio uliomkosesha alama. Ila aliisahau mistari miwili ya juu inayoshughulikia orodha tupu, na neno `return` la mwisho akalisogeza kulia, likakaa ndani ya kitanzi, sambamba na `if`. Aliijaribu kwa -6, -2 na -9, ikajibu -2. Jibu sahihi! Lakini lilikuja kwa bahati. Kitanzi kilitazama kipimo cha pili tu, kikakuta ni kikubwa kuliko cha kwanza, kikarudisha jibu bila kufika kwenye cha tatu. Alipopanga vipimo vilevile kuwa -6, -9 na -2, programu ilijibu -6. Alipompa orodha tupu, kompyuta iligoma na kuandika `IndexError: list index out of range`.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha ulichoandika na kazi ya mwalimu, kijaribu kwanza kwa orodha tupu, orodha ya kipimo kimoja, na orodha ambayo jibu lake liko mwishoni. Ukishaona kinapovunjika, ndipo ufungue marekebisho. Si kila tofauti utakayoiona ni kosa. Ukiandika `if len(vipimo) == 0` badala ya `if not vipimo`, kwa orodha kama hizi umesema jambo lilelile, na hiyo ni dalili njema kwamba umekumbuka wazo badala ya herufi.

Nguvu ya kukumbuka bila kutazama imepimwa. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi waliosoma vifungu vifupi. Baadhi walikisoma kifungu mara mbili. Wengine walikisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka bila kukitazama tena. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na walioandika kutoka kichwani asilimia 56. Ndiyo maana kusoma tu hudanganya, kwa kuwa faida yake huonekana mapema na huisha mapema.

Sehemu ya pili ya kazi ni kueleza kila mstari, kwa sauti au kwa maandishi, na hapa wengi hukosea. Mtu anasema, “Mstari huu unaweka kipimo cha kwanza kwenye `juu`.” Hayo si maelezo, ameusoma tu mstari kwa Kiswahili. Maelezo hutaja sababu: tunaanza na kipimo cha kweli kutoka kwenye orodha, ili jibu lisiweze kamwe kuwa namba ambayo haikupimwa. Na ile mistari ya orodha tupu inatangulia kwa sababu `vipimo[0]` huhitaji orodha yenye angalau kitu kimoja. Jiulize juu ya kila mstari: nikiufuta au nikiuhamisha, ni orodha gani itakayotoa jibu baya?

Kisha ufute kweli, uone. Mwanafunzi huyu alieleza kwamba `[1:]` ni ya lazima, la sivyo programu itakosea. Alipoiondoa, majibu yote yalibaki sahihi. Bila `[1:]`, kipimo cha kwanza hulinganishwa na chenyewe, hakijipiti, na kitanzi huendelea. Kumbe mwalimu aliiweka kuepuka ulinganisho mmoja usiohitajika, wala programu haiitegemei. Bila kujaribu, angebaki na maelezo ya uongo aliyoyaamini.

Michelene Chi na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1989 juu ya mifano ya fizikia iliyokwisha kokotolewa, waliona kwamba wanafunzi waliofaulu walikuwa wakijieleza sababu za hatua, na walitambua haraka pale walipokuwa hawajaelewa. Waliofanya vibaya hawakuligundua pengo hilo mara nyingi.

Njia hii ina mpaka wake. Programu ya kurasa kadhaa haifai kuandikwa yote kutoka kichwani; chukua kipande kimoja, hasa kile kilichosahihishwa. Na programu fupi kama hii inaweza kukaririwa kama shairi. Basi siku chache baadaye geuza swali: tafuta joto la chini kuliko yote, au taja ni siku ya ngapi joto lilifika juu. Hilo la siku ndilo kipimo kizuri zaidi, kwani sasa unatunza vitu viwili, joto na nafasi yake, na ukaririfu hautakusaidia.

Nanyi walimu wenzangu, mnaporudisha kazi msiishie kwenye programu sahihi. Andikeni chini yake orodha mbili tatu za kuijaribia, moja iwe tupu na nyingine iwe na jibu mwishoni. Kipindi kinachofuata, wapeni wanafunzi dakika 20 waiandike upya kwenye skrini tupu kabla ya kuanza mada mpya.