Je, Jiwe Hili ni Marumaru?

Muumini ametuletea picha ya jiwe jeupe la ngazi ya altare. Muuzaji anasema ni marumaru, nasi tuna shaka kabla fedha hazijatoka. Weupe hautusaidii, maana taa hubadili rangi. Matabaka ya kijivu nayo huonekana hata kwenye kwazaiti, jiwe gumu lililotokana na mchanga. Chembe za marumaru huwa na nyuso bapa zinazometa. Hizi zinafanana na kioo kilichovunjika. Alama ya msumari nayo ni ya kijivu, ing'aayo: yaelekea chuma kimebaki juu ya jiwe. Tunakisia kwazaiti. Tumemwomba apitishe kidole pale. Unga mweupe ukifutika na mfereji ukabaki, muuzaji huenda amesema kweli.