Stendi ya Maiki Mbele ya Pazia

Mwimbaji wa taarab akishapandwa na mashairi huichomoa maiki kwenye stendi, akaishika mkononi na kusogea mbele kuwafuata wanaomtunza. Stendi hubaki nyuma imesimama peke yake. Mpiga picha anapata uso mzuri, mkono umeinuliwa, gauni linang'aa, na pembeni kuna chuma cheusi kilichokata pazia la rangi ya damu ya mzee kutoka juu hadi chini. Mwenye picha akitaka kuitia kwenye bango, jambo la kwanza atakalosema ni: "Hicho chuma kitoe."

Kukitoa si kukifuta. Kamera haikuona kilichokuwa nyuma ya chuma, kwa hiyo huna pazia la kulifunua. Inabidi ulishone upya kwa vipande vya pazia lililobaki, na pazia lina marinda. Kila rinda lina mgongo unaopokea mwanga na bonde lenye kivuli. Mistari hiyo hushuka bila kukatika, na jicho huifuata bila mtu kujua. Mstari ukivunjika au ukihama kidogo, mtazamaji ataona kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Tuchukue picha moja ya namna hiyo, yenye upana wa pikseli 6000 na kimo cha 4000. Mwimbaji yuko kushoto. Kulia kwake kuna stendi ya miguu mitatu, na juu yake mkono mrefu umelala mshazari kumwelekea, ncha yake ikigusa ukingo wa mkono wa gauni. Wengi huuogopa ule mkono wa mshazari kwa sababu umekatisha marinda matano, halafu huuona mlingoti ulionyooka kuwa kazi ya dakika mbili. Ukweli ni kinyume chake.

Mkono wa mshazari umefunika sehemu ndogo tu ya kila rinda. Juu yake na chini yake rinda lilelile linaendelea, kwa mwanga uleule. Katika Photoshop fungua tabaka tupu juu ya picha, chagua Clone Stamp, na kwenye Sample weka Current & Below, ili picha ya asili isiguswe. Shika Alt, bofya kwenye mgongo wa rinda juu kidogo ya chuma, kisha shuka wima hadi kwenye chuma na upake. Usiende kando hata kidogo: chanzo kikiwa kwenye mgongo, brashi nayo ianzie kwenye mgongo. Maliza rinda moja, chukua chanzo kipya, nenda la pili. Katika GIMP kazi ni ileile kwa zana ya Clone.

Mlingoti ndio wenye hila. Umesimama sambamba na marinda, kwa hiyo umelifunika rinda moja urefu wake wote, tangu kifuani pa mwimbaji hadi sakafuni. Kushoto na kulia kuna marinda mengine, lakini marinda ya pazia hayafanani. Ukinakili la jirani utapata mapacha wawili waliosimama bega kwa bega, na mapacha huonekana upesi. Amri ya Content-Aware Fill, iliyoingia Photoshop mwaka 2010, huangukia humohumo mara nyingi: huokota vipande huku na kule, na bonde linaishia njiani.

Sehemu pekee ambako rinda hilo bado lipo ni juu ya stendi, kati ya kichwa cha mlingoti na ukingo wa juu wa picha. Katika picha yetu ni pikseli zipatazo 1400. Mlingoti wenyewe una upana wa pikseli 24, lakini uko nje ya fokasi kidogo, na ukungu wake umeenea hadi 40. Ukungu huo lazima uondoke pia, la sivyo kitabaki kivuli cha chuma kisicho na chuma. Kwa hiyo chagua ukanda wenye upana wa 60 na urefu wa 1200, unakili kwenye tabaka lake kwa Ctrl + J, ushushe wima juu ya mlingoti, kisha kwa Ctrl + T uvute hadi ufike sakafuni, kama pikseli 1700. Marinda hayabadiliki ghafla yanaposhuka, kwa hiyo mvuto wa kiasi hicho hauonekani. Ukizidi sana, nyuzi za kitambaa na chengachenga za picha hurefuka kama mvua. Kama pazia limeinama kidogo, uinamishe ukanda nao mpaka bonde lake likutane na mabonde ya juu na chini.

Sasa utaona ukanda umekaa mahali pake lakini unang'aa kupita majirani. Umetoka karibu na taa za juu, na huku chini mwanga umefifia. Hapa watu hukimbilia Healing Brush iyasawazishe yote. Mimi naona heri kuweka Curves juu ya ukanda peke yake, kuitia giza, na kwenye barakoa yake kuvuta mpito kutoka nyeusi juu kwenda nyeupe chini, ili giza liingie polepole kama lilivyo kwenye pazia. Linganisha mgongo kwa mgongo na bonde kwa bonde, si ukanda mzima kwa mkupuo. Baadaye lainisha kingo mbili za ukanda kwa brashi laini.

Healing Brush ina kazi yake, ila isikaribie gauni. Zana hiyo huchanganya rangi za kilicho jirani, na ikigusa nguo inayometameta itavuta doa la dhahabu hadi kwenye pazia. Kwenye ukingo wa gauni chora uteuzi unaofuata nguo, kisha fanya pazia upande mmoja na nguo upande wa pili, kila moja kwa Clone Stamp.

Sakafuni kuna miguu mitatu, waya, na kivuli. Kivuli ndicho kinachosahaulika, hasa taa ikitoka mbele: hujikunja sakafuni, kikapanda kwenye pazia, mbali na stendi yenyewe. Sakafu ikiwa imepigwa nta, tafuta pia taswira ya mlingoti iliyogeuka kichwa chini.

Kukagua, weka Curves ya muda juu ya kila kitu na uipinde vikali mpaka picha iwe mbaya. Viraka ambavyo vilijificha vitajitokeza kama mabaka. Rekebisha, kisha itupe Curves hiyo.

Haya yote ni ya bango, jalada la albamu au picha ya ukumbusho. Picha ya habari haiguswi. Mwaka 2014 shirika la habari la AP liliacha kufanya kazi na Narciso Contreras, mpiga picha aliyekuwa miongoni mwa washindi wake wa Pulitzer, kwa sababu aliifuta kamera ya mwenzake kwenye kona ya picha ya Syria.

Na kama stendi imepita mbele ya vidole au uso, ujuzi wa pazia hausaidii, maana vidole havina rinda la kunakili. Tafuta fremu iliyopigwa nukta chache kabla au baada, mwimbaji akiwa ameyumba kidogo na mkono uko wazi, uchukue mkono huo na kuuweka juu. Usipoipata, kata picha kwa upana mwingine au iache stendi ibaki.