Bando la Wiki, kwa Kiswahili cha Kueleweka

Simu inalia, unaifungua, unakuta ujumbe huu:

"Mteja Mpendwa, furahia uzoefu wa intaneti usio na mshono na kifurushi chetu kipya cha kusisimua cha data cha wiki! Kaa umeunganishwa na wapendwa wako kwa GB 6 za data zenye kasi ya juu kwa Sh 5,000 tu, pamoja na GB 2 za bure za usiku kutoka saa 12 usiku hadi saa 6 asubuhi. Kifurushi kitajihuisha kiotomatiki. Vigezo na masharti kuzingatiwa. Piga *000#."

Tangazo hili nimelibuni mwenyewe, bei na namba vikiwemo, lakini yeyote mwenye laini ya simu Tanzania au Kenya amewahi kupata ndugu yake. Kila neno ni la Kiswahili na sarufi haina kosa. Hata hivyo hakuna mtu anayezungumza hivyo, si dukani, si kwenye daladala. Ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu.

Kwa kawaida matangazo ya namna hii huandikwa kwanza kwa Kiingereza, yanapitishwa na wakubwa, kisha mfasiri anapewa maneno yaliyokwisha kukubaliwa na saa chache za kuyageuza. Anaogopa kuacha neno, basi anayabeba yote. Kiingereza cha biashara hupenda kupanga sifa mbele ya jina: jipya, la kusisimua, la data, la wiki. Kwa Kiingereza sifa hizo hupita haraka. Kwa Kiswahili kila moja inadai kiunganishi chake, ndipo unapopata "kifurushi chetu kipya cha kusisimua cha data cha wiki", na msomaji ameshachoka kabla hajaambiwa bei.

Mwandishi mzuri haanzi na sentensi. Anaanza kwa kuliweka kando tangazo la Kiingereza na kujiuliza mnunuzi anataka kujua nini. Mnunuzi wa bando ana maswali machache sana: napata ngapi, kwa shilingi ngapi, kwa muda gani, najiungaje, na likiisha inakuwaje. Lolote lisilojibu swali mojawapo lina kazi ngumu ya kueleza limefuata nini pale.

Tulipitishe tangazo letu kwenye maswali hayo. "Mteja Mpendwa" linaondoka, kwa sababu jina la kampuni tayari linaonekana juu ya ujumbe na mteja anajua kuwa yeye ni mteja. "Furahia uzoefu usio na mshono" linaondoka lote. Mshono ni wa nguo. Mtu wa intaneti analalamika kwamba inakwama au inazunguka tu. Kama kampuni ina uhakika kwamba mtandao wake haukwami, iseme "haikwami", na iwe tayari kushikwa kwa neno hilo. Kama haina uhakika, inyamaze.

"Wapendwa wako" lina balaa jingine. Kwa Waswahili wengi neno hilo linasikika kanisani au kwenye tangazo la msiba. Anayenunua bando hataki kuunganishwa na wapendwa; anataka kuwa hewani, aone mechi, apige simu ya video kwa mama, asipitwe na stori za kwenye grupu. Ukiwa na nafasi ya bango kubwa, taja mojawapo ya hayo kwa kitenzi chake. Kwenye ujumbe wa simu nafasi hiyo huna.

Sasa tufike kwenye makosa yanayomla mtu hela. La kwanza ni saa. Kiingereza kilisema kuanzia usiku wa manane mpaka alfajiri kwa hesabu ya Kizungu, mfasiri akazihamisha namba kama zilivyo. Kwa hesabu yetu, saa 12 ni jua kuzama au jua kuchomoza, na saa 6 asubuhi hakuna anayejua ni lini. Mteja atakayedhani kwamba GB zake za usiku zinaanza magharibi, akafungua video saa 2 usiku, atakuwa anakula bando lake kuu, na likiisha huenda salio la kawaida likaanza kukatwa. Saa sahihi ni saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Kila tangazo lenye saa lisomwe upya na mtu asiyeuona ule wa Kiingereza kabisa.

La pili ni "bure". GB 2 hizo huzipati mpaka utoe Sh 5,000, kwa hiyo si za bure bali ni nyongeza, na Kiswahili kina kitenzi kinachosema hivyo bila kudanganya: unaongezewa. La tatu ni lile "kitajihuisha kiotomatiki". Maana yake ni kwamba wiki ijayo watakata tena Sh 5,000 kwenye salio lako kama hukusitisha. Hilo ndilo jambo zito kuliko yote kwenye ujumbe, nalo limefichwa kwenye neno ambalo muuza mchicha hajawahi kulitamka. Wengine huandika "moja kwa moja", ambalo ni baya zaidi, kwani mtu anaweza kuelewa kwamba anaunganishwa papo hapo. Bando linajirudia. Sema hivyo.

Tukiyaweka pamoja, tunapata hili:

"GB 6 kwa Sh 5,000, siku 7. Ukijiunga unaongezewa GB 2 za kutumia saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Piga *000#. Bando linajirudia kila wiki mpaka ulisitishe."

Ni herufi 156, nafasi na nukta zikihesabiwa. Hesabu hiyo ina maana, kwa sababu ujumbe mmoja wa simu unabeba herufi 160. Ukizidi, unakatwa vipande na kampuni inatumia jumbe mbili au tatu kwa kila mteja. Kuna mtego mwingine ambao waandishi wa Kiswahili huingia bila kujua. Ukiweka kikatuni cha uso unaocheka, kikomo kinashuka hadi herufi 70. Hata ile alama ya juu katika "ng'ara" inatosha kuleta hasara hiyo, endapo programu ya kuandikia imeigeuza ikawa ya kupinda. Iandike iliyonyooka.

Tangazo jipya halina madoido, na wapo maofisa wa masoko watakaosema limepoa. Mimi naona bei nzuri haihitaji kupigiwa vigelegele. Likihitaji uchangamfu, uchangamfu ukae kwenye bango au redioni, ambako kuna sauti ya mtu.

Likivuka mpaka, libadilishwe tena. Tanzania mtu anajiunga na bando. Kenya mara nyingi ananunua. Na kuna neno la kuliangalia sana. Oktoba 2019 Safaricom ilianza kuuza data isiyo na tarehe ya mwisho. Ofa ya namna hiyo ukiiita "bando lisiloisha", umeahidi kitu kingine kabisa, yaani data isiyo na kikomo. Ile ya kwanza inaisha ukiitumia, ila haikupangii siku. "Tumia mpaka liishe, halina siku ya mwisho" ni ndefu kidogo, lakini haileti ugomvi na huduma kwa wateja.

Kwa hiyo, enyi wa ofisi za masoko: msimpe mwandishi wa Kiswahili tangazo la Kiingereza lililokwisha kupambwa. Mpeni ofa yenyewe, bei, muda, saa na masharti, mmwache aandike.