Ahadi ya Kazi Iandikwe

Meneja amekuambia, "Njoo Jumatatu uanze ulinzi kiwandani." Kabla hujahama kijijini, mpelekee barua, nawe ubaki na nakala yenye tarehe:

"Ndugu Meneja, nashukuru kwa kazi ya ulinzi mliyoniahidi jana. Naomba mniandikie mshahara wangu, na kama kazi ni ya kudumu au ya muda tu. Tena, majaribio ni miezi mingapi, na nitajulishwaje nikifaulu?"

Hapo kwenye majaribio ndipo wengi hunaswa, hayaishi! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti kwa maandishi unapoanza kazi. Asipoandika, mkaja kushtakiana, mzigo wa kuthibitisha mlichopatana ni wake.