Kutoka porojo za grupu hadi ajenda ya dakika 40

Chukulia karakana ya uchapaji yenye watu sita. Kikao ni Jumatatu saa 3:00 asubuhi, na tangu Alhamisi grupu lao la WhatsApp halijalala. "Jamani, mteja wa kalenda kapiga tena." "Kisu cha mashine kimekuwa butu." "Karatasi imepanda, tutakula hasara." "Nani kachukua chaja yangu?" "Jumamosi mimi siji, nina msiba." Halafu vikatuni vya kuchekesha, na mchango wa harusi.

Anayeandaa ajenda asome mazungumzo hayo mpaka mwisho kabla hajaandika chochote. Ijumaa jioni fundi aliandika, "Kisu nishakinoa," kwa hiyo hoja hiyo imekufa. Ukiandika huku unasoma kutoka juu, utaipa dakika kumi bure.

Kwa kila kinachobaki, ajiulize: tukishaongea, tutaamua nini? Chaja haina uamuzi. Mchango wa harusi una mahali pake. "Bei ya karatasi" nayo, ikiachwa hivyo, ni mwaliko wa kulalamika. Iandikwe kama swali: tupandishe bei ya kadi, au tubaki nayo mpaka shehena iliyopo iishe? Hapo watu watakuja na jibu.

Panapokosewa zaidi ni jina la mhusika. Aliyepiga kelele sana kuhusu karatasi ni kijana wa mapokezi, lakini mwenye ankara ni mhasibu, na hoja ni ya mwenye taarifa. Mhasibu mwenyewe aliandika neno moja tu: "Nimeona." Hiyo si ahadi, wala kidole gumba si ahadi. Apigiwe simu, akubali kwa mdomo wake kuja na bei ya zamani na mpya, ndipo aandikwe.

Muda ugawiwe kwa uzito wa uamuzi. Kalenda zilipata jumbe chache kuliko harusi, ila ndizo zinazoweza kumpoteza mteja, kwa hiyo zitangulie wakati vichwa bado vimetulia:

3:00–3:05 Yatokanayo na kikao kilichopita (msimamizi)
3:05–3:20 Kalenda: tukabidhi siku gani? (fundi mkuu)
3:20–3:30 Kadi: tupandishe bei au tubaki? (mhasibu)
3:30–3:35 Nani ashike zamu ya Jumamosi? (msimamizi)
3:35–3:40 Kusoma maamuzi na wahusika wake (katibu)

Dakika tano za mwisho zisiguswe. Ndizo huliwa kwanza, kisha wiki nzima watu wanaulizana nani alisema atafanya nini. "Mengineyo" nimeyaacha makusudi, maana humo ndimo porojo zote za grupu hurudi kujificha.

Ajenda itumwe Jumamosi mchana, ili mhasibu apate nafasi ya kutafuta ankara. Atakayeibuka Jumapili usiku na hoja mpya aulizwe ipi kati ya zilizopo iondolewe, kwa sababu dakika bado ni 40.